Nikichelewa dakika 20, si bado nina saa zangu mbili?

Swali: Mwalimu, mtihani wetu wa mtandaoni ni Jumatano. Tumeandikiwa tuingie kwenye mfumo saa mbili na nusu, tuanze saa tatu asubuhi, muda ni saa mbili, na atakayechelewa zaidi ya dakika 30 hataruhusiwa. Mimi natoka zamu ya usiku Embakasi na foleni naijua. Nikianza saa tatu na dakika 20, si nitamaliza saa tano na dakika 20? Jamaa wa saiba ananiambia nirudishe saa ya simu nyuma.

Jibu: Usitegemee hilo, dada yangu. Huenda ukafungiwa saa tano kamili. Hizo dakika 30 ni ruhusa ya kuingia ukiwa umechelewa. Hakuna anayekuongezea muda mwishoni. Wanafunzi wengi huisoma ruhusa hiyo kama zawadi, kisha mfumo unapowafunga katikati ya sentensi wanalia kwamba umeharibika.

Kama chuo chenu kinatumia Moodle, fungua leo ukurasa wa mtihani usome mistari yake. Opens ni saa ya kufunguliwa na Closes ni saa ya kufungwa. Time limit ni muda wako tangu ubonyeze kuanza, na huu ndio unaowachanganya watu. Mfumo huchukua kinachofika kwanza: muda wako kuisha, au mlango kufungwa. Ikiwa Closes ni saa tano, ukianza saa tatu na dakika 20 umebakiwa na dakika 100, ingawa Time limit bado inasema saa mbili. Kwa karatasi ya maswali manne ya insha, mwenzako aliyeanza kwa wakati ana nusu saa kwa kila swali. Wewe una dakika 25, na hapo sijahesabu pumzi ya mtu aliyeshuka matatu mbio.

Ukikuta Closes imewekwa saa tano na nusu, basi hesabu yako ni sahihi na saa zako mbili zinaenea. Lakini usibahatishe. Usome mstari wenyewe, au uulize ofisi ya mitihani.

Nusu saa ya kuingia mapema nayo hupuuzwa. Ni wakati wa kugundua kwamba nywila imekataa au kamera haifunguki, wakati bado kuna mtu wa kupokea simu yako. Tena kuna jambo moja linalowaponza hata wanaowahi. Ukifungua ukurasa kabla ya saa tatu, utaambiwa mtihani bado haujafunguliwa. Saa tatu ikifika, maneno hayo hayabadiliki yenyewe. Lazima upakie ukurasa upya ndipo kitufe cha kuanza kitokee. Kuna watu hukodolea macho ukurasa uleule robo saa nzima, wenzao wakiwa swali la pili.

Sasa huyo jamaa wa saiba. Ushauri huu nimeusikia hadi umenichosha. Saa inayoamua iko kwenye seva ya chuo, si kwenye simu yako. Ukirudisha ya simu nyuma, kihesabio cha kwenye skrini kinaweza kukuonyesha dakika ambazo huna, ukaandika kwa utulivu huku seva inakufungia. Ukiirudisha kwa siku nyingi, kivinjari kinaweza kukataa hata kufungua tovuti kwa sababu ya cheti cha usalama.

Njia halali ipo. Mhadhiri anaweza kukuwekea wewe peke yako saa tofauti ya kufungua na kufunga, na mfumo utaifuata. Hilo hufanywa kabla ya mtihani, kwa hiyo andikia mhadhiri na ofisi ya mitihani leo, uambatishe ratiba ya zamu kutoka kwa mwajiri. Wanaweza kukataa, na hapo itabidi ubadilishane zamu. Ukiandika Jumatano saa tatu na nusu, hiyo si barua tena, ni malalamiko.

Kwenu nyote mnaosoma: wapo wanaouza "muda wa ziada" karibu na vyuo mjini, na jambo la kwanza wanaloomba ni jina lako la kuingilia na nywila. Hawana uwezo wa kuongeza hata dakika moja. Wanachoweza ni kuingia kama wewe. Kumbukumbu za mfumo huandika kila akaunti iliingia saa ngapi na kutoka anwani gani ya IP. Akaunti moja ikionekana sehemu mbili mtihani ukiendelea, anayeitwa mbele ya kamati ya nidhamu ni mwenye jina.