Kufupisha rekodi ya mahojiano iwe makala fupi ya jarida la mtaa

"Wakuu, nina rekodi ya dakika 45 ya mama muuza chapati, jarida la mtaa wamenipa nafasi ya maneno 250 tu. Naanzia wapi?"

Mkuu, usianze kwa kuandika neno kwa neno, utachoka bure. Sikiliza yote ukiwa na karatasi, ukikuta kitu andika dakika na maneno mawili matatu, mfano "31:10 kaacha magauni", basi, unaendelea. Unachotafuta ni uamuzi mmoja uliogeuza biashara yake, manake historia nzima haiingii kwenye maneno 250.

Mimi naandikia jarida la kigango chetu, nilimhoji fundi cherehani mmoja, alianza na wateja wanaokopa, akarudi utotoni, akaja kwenye kodi ya fremu, alafu dakika ya 31 akagusia tu kwamba aliacha magauni ya sherehe akahamia sare za shule. Nilipombana kwa nini akasema, "Sasa gauni la mtu, eeh, gauni la mtu, asipokuja kulichukua unalipeleka wapi? Sare we weka, atakuja mwenye saizi yake." Hapo ndo makala yote ilipo! Nikafungulia hapo, utoto na kodi nikavipa sentensi moja moja, na hadithi ya wadeni nikaiacha kabisa japo ilichukua muda mrefu kwenye rekodi.

Nukuu yake niliondoa "eeh" na maneno aliyorudia, zaidi ya hapo sikugusa. Usichukue sentensi ya dakika ya 8 ukaishonea na ya dakika ya 31 ndani ya alama moja za nukuu, hata kama zinaendana, hayo yanakuwa maneno ambayo hakuwahi kuyasema. Kama sentensi yake imevurugika eleza kwa maneno yako, bila alama.

Kwenye hela ndo pa kuwa makini sana. Alisema "Januari naingiza laki nne kwa wiki", na wafanyabiashara wengi wadogo wakisema naingiza wanamaanisha mauzo, sio faida. Nikampigia nikamuuliza ukitoa kitambaa, uzi na hela ya kijana wako unabaki na ngapi, ikawa chini ya nusu. Tukaandika "mauzo ya hadi sh 400,000 kwa wiki shule zinapofungua", ukiandika anapata laki nne wenye nyumba na wakopaji wote watamfuata yeye.

Pia kwenye rekodi alitaja mkopo wa kausha damu. Alikubali kurekodiwa sawa, ila hilo la deni nilimuuliza tena, akakataa, nikalitoa. Kabla hujatuma msomee kwa simu nukuu zake na namba zote.

Kwa huyo mama wa chapati, akisema anaamka saa kumi andika saa 10 alfajiri, na akitaja idadi ya chapati uliza ni za siku ya kawaida au za Ramadhani.