Je, kuchovya vifaa vya pedikyua kwenye Dettol kunatosha?

*Dada anayenitengeneza kucha saluni huchovya mkasi na nelkata kwenye bakuli la maji ya Dettol, anafuta kwa kitaulo, kisha anaendelea na mteja mwingine. Inatosha? Tangu Jumamosi pembeni ya kucha ya kidole gumba cha mguu pamevimba na panauma.*

Haitoshi, dada yangu. Dawa yoyote huhitaji muda kufanya kazi, tena huhitaji kugusa chuma chenyewe. Fungua nelkata utazame pale panapokunjia: utakuta unga mweupe wa kucha na vipande vya ngozi. Dawa huishia kwenye uchafu huo, na vijidudu vilivyo chini yake vinabaki salama. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye tone la damu lililokauka ambalo huwezi kuliona.

Kwa hiyo kazi huanza kwa sabuni. Vaa glavu, sugua kila kifaa kwa mswaki wa zamani, hasa kwenye maungio, kisha suuza. Halafu changanya Jik. Ikiwa lebo imeandikwa asilimia 3.5, weka kikombe 1 cha Jik kwa vikombe 6 vya maji baridi, kwenye chombo cha plastiki. Vifaa vizame kabisa kwa dakika 10, vikiwa wazi. Ukizidisha muda vitapata kutu, na kutu huficha uchafu. Suuza, kausha, hifadhi pakavu. Maji hayo yamwagwe siku hiyo hiyo, na usiyachanganye na dawa nyingine, kwani Jik hutoa hewa ya sumu. Nyumbani, vifaa vya chuma kitupu unaweza kuvichemsha dakika 20, ukihesabu tangu maji yaanze kutokota.

Tupa za karatasi, sponji na vijiti vya mbao havisafishiki. Nunua vyako uende navyo. Ni gharama ndogo, na fundi mzuri hatakasirika.

Usinyoe miguu kabla ya kwenda saluni. Mwaka 2000 huko California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja walipata majipu miguuni kutokana na mabeseni ya maji yanayozunguka. Nywele na ngozi zilikuwa zimejaa nyuma ya vichujio, na walionyoa miguu ndio walioathirika zaidi.

Kuhusu kidole chako, inaelekea ile ngozi ya ukingoni ilikatwa au kusukumwa kwa nguvu, vijidudu vikapata mlango. Kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 15, mara tatu au nne kwa siku, ukikaushe vizuri. Usikitoboe wala kuchimba kona ya kucha. Ukiona usaha, wekundu unaopanda mguuni, homa, au hakuna nafuu baada ya siku mbili, nenda kituo cha afya. Kama una kisukari, nenda leo.