Mita 6.6 kwa sekunde kwa sekunde: tangu saa ngapi?

*Swali: "Mimi ni mwalimu wa michezo, nawaandikia wanafunzi maelezo ya mbio za Usain Bolt kule Berlin mwaka 2009. Nimeandika hivi: 'Kasi ya wastani ya Bolt katika mita kumi za kwanza, tangu muda wa kuanza, ilikuwa mita 6.6 kwa sekunde mraba.' Mwalimu wa fizikia amekata neno kasi akaandika mchapuko. Mwingine anasema iwe mita za mraba kwa sekunde. Nani yuko sahihi?"*

Mwalimu, mwenzako wa fizikia yuko sahihi, na huyo wa pili amekosea. Ila sentensi yako ina maneno mengine mawili ambayo hakuna aliyeyagusa, na hayo ndiyo yanayoweza kuibadilisha namba yenyewe. Nitaanza na mchapuko.

Kasi ni mita ngapi mtu anakwenda kwa sekunde moja. Mchapuko ni jinsi kasi hiyo inavyobadilika sekunde baada ya sekunde. Neno halikuzuliwa na wanafizikia kutoka hewani. Tunalo kitenzi chapua, nasi husema "chapua miguu, tutachelewa". Ukiichapua miguu, mwendo unachapuka, na kutoka kwenye chapuka tunapata mchapuko, kama tunavyopata mzunguko kutoka zunguka na mtetemeko kutoka tetemeka. Kwa hiyo ngeli yake ni ya mti: mchapuko umepungua, michapuko imetofautiana. Nakuomba pia usilibadilishe na "ongezeko la kasi", maana hilo ni jambo la tatu. Bolt akitoka kwenye kusimama hadi mita 9 kwa sekunde, ongezeko la kasi ni mita 9 kwa sekunde, awe ametumia sekunde mbili au dakika mbili. Mchapuko ndio unaouliza alitumia muda gani kulipata ongezeko hilo.

Sasa kipimo. "Mita za mraba" kwa Mswahili yeyote ni eneo: kiwanja, chumba, zulia. Ukisema mita za mraba kwa sekunde, msikilizaji ataona mtu anayetandika mkeka, si anayekimbia. Katika maandishi m/s² ile mbili ndogo imekaa juu ya sekunde, si juu ya mita, na hapo ndipo wengi wanapoteleza wakati wa kusoma kwa sauti. "Mita kwa sekunde mraba" uliyoandika wewe si kosa, na utaikuta vitabuni, lakini haimfundishi mwanafunzi kitu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona sekunde yenye umbo la mraba. Mimi hupendelea "mita kwa sekunde kwa sekunde". Inachosha ulimi kidogo, lakini maana yake iko wazi: kila sekunde inayopita, kasi inaongezeka kwa mita kadhaa kwa sekunde. Mtoto akiisikia hivyo mara mbili tatu, hatachanganya tena kasi na mchapuko.

Nije kwenye "tangu muda wa kuanza", ambako nataka tukae zaidi.

Katika mbio za mita 100 kuna kuanza kuwili. Kuna kuanza kwa mbio, bastola inapolia, na kuna kuanza kwa mkimbiaji, miguu yake inapoanza kusukuma vile vyuma vya kukanyagia. Kati ya hivyo viwili kuna muda wa kuitikia mlio. Huo haukwepeki: kwa kanuni za riadha, anayeitikia chini ya sekunde 0.100 baada ya mlio anahesabiwa kuwa amewahi, kwa sababu kanuni inachukulia kwamba mwili hauwezi kusikia na kusukuma upesi kiasi hicho. Tarehe 16 Agosti 2009, Bolt alitumia sekunde 0.146 kuitikia. Zile sekunde 9.58 za rekodi ya dunia zinahesabiwa tangu bastola, kwa hiyo sekunde 0.146 zimo ndani yake ingawa bado alikuwa hajaanza kusukuma.

Alama ya mita kumi aliifikia katika sekunde 1.89 tangu mlio. Ukitoa muda wa kuitikia, unabaki na sekunde 1.744 za kukimbia kwenyewe. Sasa tutumie hesabu ya kawaida ya mtu anayetoka kwenye kusimama, ambapo a ni mchapuko, d ni umbali na t ni muda:

```
a = 2d / t²
tangu bastola:    20 / (1.89)²  = 5.6
tangu kusukuma:   20 / (1.744)² = 6.6
```

Unaona, Mwalimu? Mkimbiaji ni yuleyule, mita ni zilezile, lakini neno "kuanza" limeipandisha namba kutoka 5.6 hadi 6.6. Tofauti ni kubwa hivyo kwa sababu muda unazidishwa kwa wenyewe, na kosa dogo la muda linazaa kosa kama mara mbili yake kwenye jibu. Namba yako ya 6.6 inaonyesha kwamba wewe au uliyenakili kwake alitoa muda wa kuitikia, lakini sentensi haisemi hivyo. Mwanafunzi mwenye bidii atachukua 1.89, apate 5.6, kisha adhani amekosa hesabu, na kumbe hakukosa.

Kiswahili kinatupa njia nyepesi ya kulimaliza hili, nayo ni kutaja tendo badala ya "muda wa kuanza". Andika "tangu bastola ilipolia" au "tangu alipoanza kusukuma". Kirejeshi -po- hapa kinafanya kazi ambayo nomino "kuanza" haiwezi, kwani kinamlazimisha mwandishi aseme ni nani aliyefanya nini wakati huo. Nomino ya kitenzi-jina huficha mtenda, na katika vipimo mtenda ndiye tunayemtafuta. Kwa mchapuko wa mwili, mimi ningechagua "tangu alipoanza kusukuma", kwa sababu kabla ya hapo hakuna mchapuko wa kupimwa. Kwa kulinganisha nani alitangulia kufika mita kumi, hapo bastola ndiyo haki.

Neno lililobaki ni wastani, na lina mambo mawili.

La kwanza ni la mpangilio. "Mchapuko wa wastani" linaweza kusomeka kama mchapuko wa kadiri, usio mkubwa wala mdogo, kama tunavyosema mtu wa kimo cha wastani au kipato cha wastani. Kwa Bolt hiyo ingekuwa habari ya kushangaza! "Wastani wa mchapuko" halina utata huo: ni namba moja inayowakilisha michapuko yote aliyokuwa nayo njiani. Vitabu vingine vinatumia mpangilio ule wa kwanza na wasomaji wa fizikia wanaelewa, lakini kwa wanafunzi wa michezo ningeanza na wastani.

La pili linagusa ukweli wa namba yenyewe. Ile hesabu ya 2d/t² haitoi wastani wa mchapuko kwa maana kamili. Inatoa mchapuko ambao ungekuwepo kama haukubadilika hata kidogo kuanzia alipoanza kusukuma hadi mita kumi. Tuijaribu kwa kuuliza inadai nini: mchapuko wa 6.6 kwa sekunde 1.744 maana yake Bolt alipita alama ya mita kumi akiwa na kasi ya mita 11.5 hivi kwa sekunde. Je, inawezekana? Mita kumi zilizofuata, kutoka ya kumi hadi ya ishirini, alizimaliza kwa karibu sekunde moja, yaani kasi ya takriban mita 10 kwa sekunde, na kipande chote hicho alikuwa bado anaongeza kasi. Mtu anayeongeza kasi hawezi kuingia kwenye kipande na 11.5 akakipita kwa 10. Kwa hiyo pale kwenye alama alikuwa chini ya 10. Kasi yake ya juu kabisa, mita 12 na kitu kwa sekunde, ilikuja mbali huko, kati ya mita 60 na 80.

Sababu ni kwamba mchapuko wa mkimbiaji ni mkubwa sana katika hatua mbili tatu za mwanzo, halafu unapungua kwa haraka, kwa kuwa kadiri kasi inavyopanda ndivyo mguu unavyopata muda mfupi zaidi wa kusukuma ardhi. Wastani halisi ni kasi aliyoipata kwenye alama, kugawa kwa muda. Tukichukulia alikuwa na mita 9 kwa sekunde, kwa mfano tu, 9 kugawa kwa 1.744 ni 5.2. Imeshuka tena!

Kwa wanafunzi wako uwanjani hili linapimika. Weka alama kwenye mita 9 na mita 11, simama pembeni na simu inayorekodi video, kisha hesabu picha kati ya alama hizo mbili. Mtoto akizipita kwa sekunde 0.29, kasi yake pale kwenye mita kumi ni 2 kugawa kwa 0.29, karibu mita 6.9 kwa sekunde. Hiyo ndiyo unayoigawa kwa muda tangu alipoanza kusukuma. Saa ya mkononi usiiamini kwa kazi hii. Kosa la sehemu ya kumi ya sekunde, ambalo kidole chochote hulifanya, lingeitoa ile 6.6 ya Bolt hadi 5.9. Na kama video yako inapiga picha 30 kwa sekunde, picha moja tayari ni sekunde 0.033, kwa hiyo ukiweza chagua mpangilio wa picha 120 au 240.

Usemi sahihi, basi, unategemea ulichokifanya. Ukibaki na 6.6, andika: "Tukichukulia kwamba mchapuko wa Bolt haukubadilika katika mita kumi za kwanza, ulikuwa mita 6.6 kwa sekunde kwa sekunde tangu alipoanza kusukuma." Neno wastani limeondoka, na ndivyo inavyotakiwa. Lirudishe siku utakapokuwa na kasi iliyopimwa kwenye alama yenyewe.

"Mita kumi za kwanza" umeiandika vizuri. Wapo watakaokwambia "za mwanzo". Zote mbili zinasimama.