Kitovu kikitangulia: mkono wako na maji kwenye kibofu

Wadogo zangu mnaoanza kazi wodi ya wazazi, jizoezeni hili tangu siku ya kwanza: chupa ikipasuka, sikiliza mapigo ya moyo wa mtoto papo hapo, kabla hata ya kubadilisha shuka. Kichwa kikiwa bado juu, au mtoto akiwa ametanguliza miguu, maji yanapotoka kwa nguvu yanaweza kuteremsha kitovu. Kwa sababu hiyo, usipasue chupa kwa mkono wakati kichwa bado kinaelea.

Nilikuwa zamu ya usiku katika kituo cha afya kisicho na chumba cha upasuaji, huku mkoani Dodoma. Mama alikuwa amefungua sentimita 6, kichwa kikiwa juu, mapigo ya mtoto 136 kwa dakika. Chupa ikapasuka yenyewe. Niliposikiliza tena, mapigo yalikuwa 84. Nikapima njia, nikagusa kitu laini kama utumbo, kinadunda chini ya vidole.

Ukikigusa hivyo, usitoe mkono. Kinachomuua mtoto ni kichwa kukibana kitovu kwenye nyonga, basi sukuma kichwa juu kwa vidole viwili, huku ukipaza sauti kuita msaada. Kitovu chenyewe usikichezee, maana kikishikwashikwa na kupata baridi mishipa yake hujikaza. Kama kimetoka nje, kirudishe taratibu ukeni. Dripu ya oksitosini ikiwepo, ifungwe.

Lakini huwezi kushikilia kichwa kwa vidole hadi Dodoma mjini, na barabara zetu mnazijua. Hapo ndipo kibofu kinapokusaidia. Mwenzangu aliingiza katheta ya Foley, akaunganisha mpira wa dripu, akamimina mililita 500 za normal salini, kisha akaibana katheta. Kibofu kikijaa hukiinua kichwa chenyewe (unaweza kufika hadi 750). Nikasikia uzito ukipungua vidoleni, mapigo yakapanda hadi 124, ndipo nikatoa mkono polepole. Tukamlaza mama kwa ubavu wa kushoto, mito chini ya nyonga. Kupiga magoti na kuinamia kifua kunafaa kitandani, ila ndani ya gari linalotembea ni hatari. Simu ya rufaa ilipigwa wakati maji yanaingia, si baada ya hapo, ili wenzetu waandae chumba cha upasuaji.

Njia ingekuwa imefunguka yote na kichwa kiko chini, nisingesafiri. Ningemzalisha palepale, kwa vakyumu ikibidi. Na kitovu kisipodunda, msikate tamaa kwa kidole tu: sikilizeni moyo kwa dopla, kwa sababu unaweza kuwa bado unapiga.

Njiani nilisikiliza mapigo mara kwa mara. Tulipofika, neno la kwanza nililomwambia daktari ni kwamba kibofu kimejazwa na katheta imebanwa. Wakayatoa maji kabla ya kisu kugusa tumbo, kwa kuwa kibofu kilichojaa huchanika kirahisi. Mtoto alilia baada ya kusaidiwa kupumua kwa ambu.