Barua ya kujitambulisha kwa shirika

"Mimi ni mbunifu wa michoro, Mwanza. Nataka kuliandikia shirika la kina mama wa dagaa, niwafanyie kazi ya kwanza kwa bei nafuu. Niandikeje?"

Ndugu yangu, taja kazi moja tu. Ukiandika "chochote mtakachohitaji", mratibu hatajua aanzie wapi. Mfano: "Nimeona bango lenu pale Mwaloni, Kirumba, namba ya simu haisomeki kwa mbali. Nitawasanifia jipya. Bei yangu ni shilingi 150,000. Kwa kazi hii ya kwanza mtalipa 90,000. Marekebisho mawili yamo, uchapishaji haumo."

Bei kamili lazima ionekane, la sivyo 90,000 itageuka bei yako ya kudumu. Ahidi pia ankara na risiti, maana fedha za wafadhili mhasibu huzitolea maelezo.