Eksirei yangu ilionyesha TB mara mbili, mara ya pili haikuwa TB

Naandika hii kwa ajili ya mtu aliyetoka kupiga eksirei ya kifua leo, karatasi ya majibu imeandikwa "inaelekea kuwa kifua kikuu, apime makohozi", na sasa nyumbani kila mtu anauliza kama wameshaona ugonjwa kwa nini wasitoe dawa tu. Hilo swali mama yangu aliuliza kwa hasira kabisa, na mimi mwenyewe sikuwa na jibu.

Mara ya kwanza nilikuwa nakohoa wiki ya tano, usiku naamka shuka limelowa jasho, nguo zimeanza kunipwaya. Daktari akaipachika ile filamu kwenye boksi la taa akaniita nisogee. Akanielekeza hivi, hewa inapitisha miale ndo maana inatoka nyeusi, mfupa unaizuia ndo maana unatoka mweupe, kwa hiyo pafu zima linatakiwa liwe jeusi lenye vinyuzi vyembamba vya mishipa ya damu. La kwangu la kushoto lilikuwa hivo. La kulia, juu kabisa nyuma ya mtulinga na chini yake kidogo, kulikuwa na mabaka meupe yasiyo na mpaka unaoeleweka, kama pamba mtu ameinyofoa nyofoa akaitupia pale. Alafu katikati ya hayo mabaka kulikuwa na duara, ukingo wake mweupe na mnene, ndani peusi, upana kama sentimita 3. Akasema lile ni tundu.

Tundu linatokeaje? Nyama ya pafu iliyoshambuliwa inakufa, inakuwa laini kama jibini, baadae inayeyuka, ikipata upenyo wa kuingia kwenye mrija wa hewa unaikohoa nje, na pale ilipotoka panabaki pako wazi pamejaa hewa, ndo ule weusi ndani ya duara. Na wadudu wa TB wanapenda hewa, sehemu ya juu ya pafu ina oksijeni nyingi kuliko chini, ndo maana kwa watu wazima ugonjwa mara nyingi unaanza kuonekana huko juu. Tundu lenyewe linaweza kubeba wadudu mamilioni na lina njia ya moja kwa moja ya kutokea mdomoni, kwa hiyo mwenye tundu anaambukiza zaidi. Hapo ndo nilianza kulala chumba changu peke yangu na dirisha wazi hata kabla ya majibu, na wewe fanya hivo hivo.

Sasa kwa nini hakunipa dozi pale pale? Alinijibu taratibu sana na nimelikumbuka mpaka leo. Kwamba picha inaonyesha kivuli, haionyeshi mdudu. Jipu la pafu linalotokana na bakteria wengine linaacha tundu, saratani inaweza kuoza katikati ikaacha tundu, kuna fangasi pia, na kuna makovu ya TB ya zamani. Alafu hata kama ni TB kweli, picha haiwezi kukwambia huyo mdudu anauawa na rifampisini, dawa kuu ya TB, au ameshakuwa sugu, na dozi ya kawaida ni miezi 6, miwili ya mwanzo dawa nne na minne inayofuata dawa mbili, ukiimeza yote wakati mdudu ni sugu umepoteza nusu mwaka na pafu linaendelea kuliwa.

Nikapewa kopo. Nikatema nikarudisha, majibu yakatoka hakuna kitu. Mama akashangilia! Yule dada wa maabara ndo aliyeniokoa, aliniita pembeni akasema "haya yalikuwa mate dada yangu, mi nataka makohozi", na kweli nilikuwa nimetema vitu vyepesi vyenye povu. Akanifundisha: asubuhi ukiamka kabla hujala, sukutua mdomo kwa maji matupu, toka nje penye hewa mbali na watu, vuta pumzi ndani kabisa ishikilie kidogo, rudia mara mbili tatu, alafu kohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Kinachotakiwa ni kizito, kina utelezi, rangi yake kama maziwa au njano, na kiasi cha kijiko kimoja cha chai kinatosha. Jibu la "hakuna" lililotokana na mate sio jibu, ukiambiwa hivo na picha yako ina tundu omba kurudia. Kwa darubini inabidi kuwe na wadudu kama elfu 5 mpaka elfu 10 kwenye mililita moja ndo waonekane, mashine ya GeneXpert inawanasa wakiwa wachache zaidi ya hapo, na ndani ya saa mbili hivi inasema kama wapo na kama rifampisini inawaweza. Kesho yake nikaambiwa wapo, na sio sugu. Nikaanza dawa siku hiyo hiyo.

Nilimaliza, nikapona. Daktari akaniambia nipige eksirei ya mwisho niitunze, nikaona ni usumbufu lakini nikaiweka.

Miaka mitatu baadae nikakohoa wiki mbili mfululizo, nikaenda sehemu nyingine wakapiga picha, aliyeisoma hata hakunitazama, "TB imerudi, anza dozi". Juu kulia kulikuwa na mistari meupe na katundu kadogo. Nilitetemeka jamani. Nikaenda nyumbani nikachukua ile filamu ya zamani nikampelekea daktari mwingine, akaziweka mbili pamoja kwenye taa akapima kwa rula. Mistari ile ile, pale pale, katundu saizi ile ile na ukuta wake mwembamba. Kovu halisogei wala halikui, TB inayofanya kazi inabadilika, mabaka yanaongezeka au tundu linapanuka.

Lakini hakuishia kwenye kulinganisha, akachukua makohozi ya GeneXpert na mengine ya kuoteshwa. Kwa sisi tulioshawahi kutibiwa ile mashine inaweza kusoma mabaki ya vinasaba vya wadudu waliokufa zamani ikasema wapo, wakati kuotesha kunaonyesha walio hai tu, shida yake wanakua polepole mno, unasubiri mpaka wiki 6. Zote mbili zilitoka hakuna, na kikohozi kilishaisha zamani kabla ya hayo majibu ya kuotesha.

Tafadhali usichukue kisa changu ukasema basi makohozi yakiwa safi umemaliza. Mtu mwenye VVU ambaye kinga imeshuka sana anaweza kuwa na TB kali na picha isionyeshe tundu lolote, mabaka yakawa chini badala ya juu, au picha ikawa safi kabisa, na makohozi yake mara nyingi yana wadudu wachache. Kuna wakati daktari anaamua kuanza dawa bila kumwona mdudu kwa sababu mgonjwa anazidi kudhoofika, na hapo yuko sahihi.

Kwa hiyo usiiache picha yako hospitali. Kama ni filamu iweke kwenye bahasha ngumu uandike tarehe, kama ni sidii iandike tarehe hiyo hiyo, na siku yoyote utakayopiga eksirei ya kifua mwambie anayeisoma kabla hajaisoma: nilishaugua TB, nilimaliza dozi mwaka fulani, na picha ya siku hiyo ninayo hapa.