Unatumia kreatini? Mwambie daktari kabla hajapima figo

Swali ninaloulizwa zaidi jimu si kama kreatini, ule unga wa virutubisho wa wanyanyua vyuma, inafanya kazi, ni kama inaua figo. Na mara nyingi anayeuliza ameshashika karatasi ya maabara.

Rafiki yangu mmoja ninayenyanyua naye vyuma, mwanamume wa miaka 30, alipima afya akakutwa na kreatinini ya damu ya mikromoli 124 kwa lita. Ukiingiza namba hiyo kwenye hesabu ya uwezo wa figo unapata kama 69, wakati kijana mzima hutarajiwa kuzidi 90. Akaambiwa figo zimeanza kuchoka. Usiku huohuo kopo lake la kreatini likaenda jalalani.

Kilichotokea ni hiki. Kreatini iliyomo kwenye misuli huvunjika kidogo kidogo kila siku ikawa kreatinini, ambayo ni taka, na figo huitoa kwenye mkojo. Maabara hupima taka hiyo ili kukisia figo zinachuja vipi. Mwenye misuli mingi anayekunywa kreatini anazalisha taka nyingi zaidi, basi namba inapanda hata kama figo hazina tatizo. Nyama nyingi au mazoezi mazito siku moja kabla ya kipimo huipandisha pia.

Kwa hiyo mwambie daktari unachotumia, kisha omba kipimo cha damu cha sistatini C, ambacho hakiyumbishwi na kreatini, pamoja na cha protini kwenye mkojo. Rafiki yangu alivifanya vyote, vikatoka safi. Kama sistatini C haipatikani, acha kreatini kwa wiki kadhaa, pumzika mazoezi siku mbili, upime tena. Namba ikigoma kushuka, au mkojo ukiwa na protini, hapo kuna jambo la kufuatilia. Mwenye ugonjwa wa figo tayari asiguse kreatini bila ruhusa ya daktari wake.

Faida yenyewe ni ya kiasi. Kreatini husaidia misuli kurudisha haraka nishati inayoisha katika sekunde chache za kazi nzito, kwa hiyo unaongeza rudio moja au mawili mwishoni mwa seti, na misuli hukua kutokana na kazi hiyo ya ziada. Ukilala tu, usitegemee kitu. Si steroidi, maana haigusi homoni zako namna hiyo. Hofu kwamba kreatini huleta upara ilianzia kwenye utafiti mdogo wa mwaka 2009 kwa wachezaji wa raga, uliopima homoni inayohusishwa na upara bila kupima nywele.

Gramu 3 hadi 5 za kreatini monohidrati kila siku zinatosha, saa yoyote, na misuli itajaa kreatini baada ya wiki tatu au nne. Gramu 20 kwa siku katika wiki ya kwanza huijaza mapema, ila wengine huishia kuharisha. Mizani ikipanda kilo moja au mbili mwanzoni, hayo ni maji, mengi yakiwa ndani ya misuli. Aina za bei ghali zenye majina marefu mimi sinunui. Hakuna iliyoonyesha kuishinda monohidrati.